Kuhesabu bloke za ukuta wa parseli yetu: toa mlango, lakini usisahau poto na jointi

(Mazungumzo yaliyotolewa na timu ya ufuatiliaji mbele ya kamati ya ujenzi na wanamemba wa eneo la Baraka. Tumeyachapa hapa ili hata ndugu ambao hawakufika, pamoja na wafadhili wetu, waone namna hesabu ilivyofanyika.)



Mlituomba tuwaeleze kitu kimoja tu: ile devi ya ukuta wa kuzunguka depo ya mbegu, bloke zake zilihesabiwa namna gani, na kwa nini sisi tulipata hesabu nyingine. Fundi aliandika bloke 2 425. Sisi tulifika kwa 1 910. Tofauti ni bloke 515. Tukichukua kwa mfano tu kwamba bloke moja ni dola moja, hiyo ni dola 515 za michango yenu na za wafadhili. Lakini tuseme mapema: hatukuja kumshitaki fundi. Alihesabu vile watu wengi wanavyohesabu hapa kwetu. Tena hesabu ya kupunguza ovyo ina hatari yake pia, sababu ukuta ukiishiwa bloke upande wa nyuma, mbegu zinabaki wazi na kazi inasimama mpaka mchango mwingine upatikane. Kwa hiyo tunatafuta hesabu ya kweli, si hesabu ndogo.

Tuanze na parseli yenyewe. Upande wa barabara ni mita 18, na kwenda nyuma ni mita 24, zote zimepimwa kwa nje. Kuzunguka yote ni 18 + 24 + 18 + 24, yaani mita 84. Mahali pako sawa, hapana mteremko. Msingi ni wa mawe, juu yake kuna mkanda wa beto, na bloke zinaanza juu ya huo mkanda. Bloke zinapanda mita 2,20, kisha inakuja shenaje ya beto juu kabisa. Mbele kuna lango kubwa la gari la kuleta mbegu, upana wake mita 4, na kando yake mlango mdogo wa watu, upana mita 1. Poto za beto zenye feri ziko kwenye pembe nne, kwenye milango, na katikati ya ukuta kila baada ya karibu mita 3, ili upepo usiuangushe.

Sasa tuangalie namna ile 2 425 ilivyopatikana. Fundi alizidisha mita 84 kwa mita 2,20, akapata mita za mraba 184,8. Akazidisha kwa 12 na nusu, sababu kila mtu anajua kwamba mita moja ya mraba inakula bloke 12 na nusu. Akapata 2 310. Akaongeza 5 kwa mia za kuvunjika, ikawa 2 425. Kamati ilipoona, wamama wawili waliuliza swali zuri sana: "Na milango je? Mbona hamkuitoa?" Walikuwa na haki. Lakini tulipokaa na karatasi tuliona kwamba milango njo kitu kidogo kuliko vyote vilivyosahauliwa. Viko vitatu: milango, poto, na jointi. Tuvichukue kimoja kimoja.

Milango kwanza. Lango kubwa halina kitu juu yake, gari lenye mzigo linapita wazi. Basi upana wa mita 4 unatoka kwenye mistari yote ya bloke, kuanzia chini mpaka juu. Mlango mdogo ni tofauti kidogo. Urefu wake kwenda juu ni karibu mita 2, na ukuta ni 2,20. Mtu anaweza kusema: nitoe mita 2 tu, ile sentimeta 20 ya juu inabaki ukuta. Hapana. Ile sehemu ya juu inachukuliwa na lento, ule ubao wa beto unaolala juu ya mlango kutoka poto moja mpaka nyingine. Lento ni beto na feri, si bloke. Kwa hiyo hapa kwetu mlango mdogo nao unatoka wote, mistari yote. Milango miwili pamoja ni mita 5. Kwa hesabu ya fundi, mita 5 mara 2,20 mara 12,5 ni karibu bloke 137.

Ndugu mmoja aliuliza: na kama ukuta ungekuwa mrefu zaidi kwenda juu? Swali lake ni la maana, sababu wengi mtajenga nyumbani. Tuseme ukuta una mistari 13. Mlango unakula mistari 9, lento mmoja, inabaki mistari mitatu ya bloke juu ya lento. Upana wa mita 1 unaomba bloke 3 kila mstari, tukihesabu na vipande. Basi bloke 9 zinarudi kwenye hesabu. Kwa lango kubwa lisilo na lento, hakuna kinachorudi.

Tena, upana wa mlango unapimwa wapi? Pale kati ya poto na poto, sehemu iliyo wazi. Msichukue kipimo cha fundi wa chuma bila kumuuliza, maana yeye anaweza kuwapa upana wa vyuma vyake pamoja na fremu. Na msitoe poto za mlango mara mbili, mara moja ndani ya upana wa mlango na mara nyingine pamoja na poto.

Tufike sasa kwenye poto. Poto inajazwa beto, kwa hiyo pale iliposimama hakuna bloke. Kwa plani yetu kuna poto 28. Kila upande wa mita 24 una poto 7 katikati, pande mbili ni 14. Nyuma ziko 5. Mbele ziko 2 za kawaida na 3 za milango, maana lango kubwa na mlango mdogo wanagawana poto ya katikati. Ongeza pembe 4, jumla 28. Poto za kawaida zina upana wa sentimeta 20, zile tatu za milango zina 30 sababu zinabeba vyuma vizito.

Angalieni vizuri pembe. Tulipopima kwa nje, ile poto ya pembe iliingia ndani ya kipimo cha upande huu na tena ndani ya kipimo cha upande ule. Kwa hiyo kila poto ya pembe inatoka mara mbili, sentimeta 20 huku na 20 kule. Hata ukuta usio na poto ya pembe una jambo hilo hilo: ukipima pande zote kwa nje, pembe inahesabiwa mara mbili, na lazima utoe unene wa ukuta mara moja kwa kila pembe.

Basi tunaandika hivi:

Kuzunguka kwa nje: mita 84,00
Milango miwili: toa 5,00
Poto 4 za pembe, kila moja 0,40: toa 1,60
Poto 21 za kawaida, kila moja 0,20: toa 4,20
Poto 3 za milango, kila moja 0,30: toa 0,90
Inabaki ya bloke: mita 72,30

Mnaona? Milango imetoa mita 5, poto zimetoa mita 6,70. Poto zimekula kuliko milango. Kwa hesabu ya fundi hizo ni karibu bloke 184.

Kitu cha tatu ni jointi, ule mchanganyiko wa simenti na mchanga unaoingia kati ya bloke na bloke. Hapa njo penye siri ya ile 12 na nusu. Chukua bloke yenye urefu wa sentimeta 40 na kimo cha 20. Eneo lake ni 0,40 mara 0,20, yaani 0,08. Gawa 1 kwa 0,08, unapata 12,5. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini ni ya bloke zilizogusana bila simenti yoyote. Au ni ya bloke zilizotengenezwa sentimeta 39 kwa 19, ambazo zikiongezwa jointi ya sentimeta moja zinafika 40 kwa 20. Kalibu yetu haiko hivyo. Tulipima bloke zake: ni 40 kwa 20 kamili, unene 15. Na tulipima ukuta ambao fundi huyu alijenga jirani: jointi zake ni sentimeta 2. Kwa hiyo kila bloke ikiwa ukutani inashika 42 kwenda mbele na 22 kwenda juu. Ukigawa unapata bloke kama 10,8 kwa mita ya mraba, si 12,5. Kwa ukuta wetu, baada ya kutoa milango na poto, tofauti hiyo peke yake ni bloke 267. Ni karibu mara mbili ya milango!

Namna ya kupima bila kubishana ni rahisi. Nendeni kwenye ukuta ambao fundi wenu amekwisha kujenga, hesabu bloke 10 zinazofuatana kwenye mstari mmoja, pima kutoka mwanzo wa ya kwanza mpaka mwanzo wa ya kumi na moja. Kama ni mita 4,20, jointi ni 2. Kama ni 4,10, jointi ni 1. Kiisha pima mistari 5 kwenda juu, kuanzia chini ya bloke ya mstari wa kwanza mpaka chini ya bloke ya mstari wa sita: kwa jointi ya 2 mtapata mita 1,10. Fundi mwenye jointi nyembamba atakula simenti kidogo na bloke zaidi. Hakuna ubaya, ila mjue mapema yeye ni wa namna gani kabla ya kuandika devi.

Sasa tuhesabu bloke zetu. Kwenda juu: mita 2,20 gawa kwa 0,22 ni mistari 10 kamili. Tulichagua kimo hicho makusudi, ili mstari wa mwisho usiombe bloke za kukatwa kwa urefu wote wa ukuta. Hapo pia jihadharini na neno "kimo." Ukuta wetu pamoja na shenaje utaonekana kama mita 2,40. Mtu akichukua 2,40 na kuigawa kwa 0,20 anapata mistari 12. Mistari miwili ya bure, kwa mita zote 72!

Kwenda mbele: mita 72,30 gawa kwa 0,42 ni bloke 172 na kidogo. Mara mistari 10 ni bloke 1 721. Lakini hapa tusisimame. Hiyo 1 721 inasema ukuta ni kamba moja ndefu, kumbe ukuta wetu umekatwakatwa na poto. Kati ya poto na poto kuna nafasi, na nafasi hizo ziko 26: pande mbili ndefu zina 8 kila moja, nyuma 6, mbele 4. Kila nafasi ina mita 2,77 mpaka 2,82 hivi. Bloke 6 na jointi zake zinafika 2,52. Inabaki sentimeta 25 au 30. Fundi atachukua bloke ya saba, ataikata, na kile kipande kinachobaki ni kidogo mno, hakifai pengine. Kwa hiyo hesabu ya kazini ni bloke 7 kwa kila nafasi:

Nafasi 26 mara bloke 7: bloke 182 kwa mstari mmoja
Mara mistari 10: bloke 1 820

Hiyo ndiyo hesabu tuliyoishika. Ni zaidi ya 1 721 kwa bloke 99, na hizo 99 si za kuibiwa, ni vipande. Kuna nafuu ndogo: kwenye mstari wa pili, wa nne na kuendelea, fundi anaanza na nusu bloke ili jointi zisifuatane moja juu ya nyingine. Bloke iliyokatwa katikati vizuri inatoa nusu mbili, na nusu ya pili inaingia nafasi nyingine. Fundi mwenye mkono mzuri ataokoa bloke kadhaa hapo. Hatukuzitoa kwenye hesabu, zibaki akiba.

Mwisho tunaongeza za kuvunjika njiani na wakati wa kushusha. Bloke yenye matundu ina kuta nyembamba, ikitupwa kutoka juu ya gari inapasuka. Tumeweka 5 kwa mia, yaani 91. Inafika 1 911, tukaandika 1 910. Zikitengenezwa ndani ya parseli yenyewe, kama tulivyofanya kwa msingi wa depo, zinavunjika chache na mnaweza kupunguza hapo. Lakini bloke ambazo hazikumwagiliwa maji siku za kwanza, zikakaushwa na jua tu, zinavunjika hata mkononi, na hapo 5 kwa mia haitoshi. Gonga bloke mbili pamoja kabla ya kupokea: ngumu inalia, dhaifu inatoa unga.

Kuna hali mbili ambazo hesabu hii inabadilika, na wengine wenu mnazo nyumbani. Ya kwanza ni msingi wa bloke. Kama msingi wako chini ya ardhi ni wa bloke na si wa mawe, mistari ile ya chini inapita hata chini ya milango. Basi usitoe milango kwenye mistari ya msingi. Anayetoa milango kila mahali atapungukiwa palepale langoni, na hapo watu wataweka mawe ovyo, lango litazama. Ya pili ni mteremko. Ardhi ikishuka kuelekea ziwa, msingi unajengwa kama ngazi, na kila ngazi ina mistari yake. Usichukue kimo cha juu kwa ukuta wote, wala kimo cha chini. Hesabu nafasi baada ya nafasi, poto mpaka poto, kila nafasi na mistari yake, kiisha jumlisha.

Sasa kamati itajuaje kwamba hesabu yetu ni ya kweli, si maneno ya watu wa ofisi? Msingoje ukuta uishe. Fundi akimaliza mstari wa kwanza wa kuzunguka parseli yote, tembeeni wawili, mmoja kwa kulia mwingine kwa kushoto, mhesabu bloke nzima na vipande. Kila nafasi ionyeshe bloke 6 nzima na kipande kimoja. Mkikuta 182 pamoja na vipande, hesabu iko sawa, mara 10 inatosha. Mkikuta nafasi zina 7 nzima na kipande, basi bloke zimekuja fupi kuliko 40, au poto zimesogezwa, na lazima kusimama na kupima siku hiyo hiyo, si kwenye mstari wa nane.

Kwa sababu hiyo pia tuliomba bloke zisiletwe zote mara moja. Zije 1 000 kwanza, zipangwe kwa mafungu ya idadi moja, kwa mfano 50, ili hata mtu asiyesoma aweze kuhesabu mafungu. Mstari wa kwanza ukithibitisha hesabu, tunaagiza 910 zilizobaki. Kama umeonyesha kitu kingine, tunarekebisha tukiwa bado na pesa mkononi.

Fundi tulimwita, tukapima naye, na amekubali devi mpya. Aliomba kitu kimoja, na tunaona ana haki: poto 28 zinakula feri, kokoto na simenti, na devi ya kwanza ilikuwa imeziweka chache. Kwa hiyo si dola zote za zile bloke 515 zinarudi kwenye sanduku. Sehemu moja itaingia kwenye beto ya poto, hasa zile tatu za milango. Tumeiandika kwenye mstari wake peke yake, ili muone bloke ni ngapi na beto ni kiasi gani, kimoja kisijifiche ndani ya kingine.

Karatasi ya hesabu iko kwa katibu, pamoja na mchoro wa parseli wenye nafasi zote 26 zilizopewa namba. Anayetaka kuhesabu upya aje na mita yake. Sasa tunapokea maulizo.